Bweni Lililojengwa Bila Mchanga

Barua ya ofisi ya kodi ilipofika, Mzee Timazi hakuwa na uwezo tena wa kuisoma. Kiharusi kilikuwa kimempiga asubuhi moja akifunga kamba za viatu, kikampooza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno yote isipokuwa moja. Alilobakiwa nalo lilikuwa "haya". Akitaka maji alisema haya. Akikataa kugeuzwa kitandani alisema haya. Mkewe alikuwa ameshajifunza kuzitofautisha, kama mama anavyotofautisha vilio vya mtoto mchanga.

Watu walimwita Timazi kwa sababu ya ile kamba yenye chuma kizito mwishoni, ambayo mafundi huitumia kupimia kama ukuta umesimama wima. Alitembea nayo mfukoni popote. Aliwahi kuitoa harusini, akapima mlango wa ukumbi, akamwambia bwana harusi, "Ndoa yako haina neno, mwanangu. Mlango ndio umeinama." Miaka yote hiyo alijenga kuta za watu na hakuna hata moja iliyopasuka. Makaratasi, hata hivyo, hayakuwa na nafasi katika maisha yake. Risiti aliziweka mfuko wa shati, shati likaenda kufuliwa.

Aliyeipokea barua ni binti yake wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la miwani. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena akiwa amekaa. Mwaka ule baba yake alipojenga bweni la shule, mapato yote yalikuwa yamehesabiwa, kwa kuwa shule yenyewe ilitoa taarifa ya kila ilicholipa. Lakini gharama karibu zote zilikuwa zimekataliwa. Saruji, mchanga, kokoto, ujira wa vibarua: mbele ya kila moja palikuwa na maneno yale yale, *hakuna risiti*. Kwa hiyo kila alichopokea Mzee Timazi kilihesabiwa kuwa ni faida, na kodi ya faida hiyo, pamoja na faini, ilizidi thamani ya nyumba waliyokuwa wakiishi.

"Imeandika nini?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Ya kodi, Mama. Nitaishughulikia."

"Kubwa?"

Binti aliikunja barua, akaitia mkobani.

Mhasibu aliyempata alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, ofisi yake ikiwa juu ya duka la rangi, kiasi kwamba hata mafaili yalinuka rangi. Aliisoma barua yote, mpaka maandishi madogo ya nyuma, ndipo akavua miwani.

"Mwanangu, usimkasirikie aliyeandika hii. Alimwomba baba yako vielelezo mara mbili, hakujibiwa."

"Alikuwa hospitalini. Hawezi hata kutaja jina langu."

"Ofisi haikujua. Na sheria inamtaka anayedai gharama ndiye azithibitishe. Zile risiti za saruji ziko wapi?"

"Zilikuwa kwenye kibanda cha mradi. Kazi ilipokwisha shule ikakibomoa. Za mchanga na vibarua hazijawahi kuwapo. Nani anatoa risiti ya mchanga?"

"Hakuna," mhasibu alikubali. "Ndiyo maana tuko hapa."

"Lakini bweni lipo! Watoto wanalala ndani!"

"Lipo. Ila kwenye karatasi hii baba yako amejenga bweni zima bila mchanga, bila kokoto na bila mtu hata mmoja. Inatubidi tulijenge upya, safari hii kwa ushahidi. Tuna mwezi mmoja wa kuweka pingamizi, na siku kadhaa zimeshakwenda."

Akamweleza utaratibu. Taarifa ya benki huonyesha kwamba pesa imetoka, lakini haisemi imenunua nini. Ujumbe wa simu husema kitu gani kiliagizwa na lini, lakini hauonyeshi kama kililipiwa. Shahidi husema kwamba mzigo ulifika na ukatumika, lakini shahidi akiwa peke yake ni mdomo mtupu. "Kimoja kimoja vitaanguka. Vikiegemeana, vinasimama. Na jambo moja, mwanangu: usinikatie vipande vya ujumbe vinavyotupendeza tu. Nataka mazungumzo yote, na tarehe zake, na namba zake, hata yale ya kuumiza."

Benki ilitoa taarifa ya mwaka mzima kwa kibali cha mama, ambaye jina lake lilikuwa pia kwenye akaunti. Ilibaki simu. Ile simu ya Mzee Timazi, yenye kioo kilichopasuka kona moja, ilifunguka kwa alama ya kidole gumba cha kulia tu.

Binti aliingia chumba cha nyuma, alikolazwa baba yake kwa sababu kilikuwa na hewa nzuri na mlango mpana. Alikaa kando ya kitanda akamweleza kila kitu: barua, mhasibu, bweni. Baba alimtazama bila kupepesa.

"Nataka kufungua simu yako, Baba. Unaniruhusu?"

"Haya," alisema.

Aliuinua mkono wa kulia, mkono uliokuwa ukibeba matofali mawili mawili na sasa ni mzito kama wa mtu aliyelala, akakiweka kidole gumba kwenye kioo. Simu ikafunguka mara moja. Aliona haya kama mtu aliyechungulia dirishani kwa mzazi wake. Aliurudisha mkono polepole juu ya shuka, akaunyoosha.

Kwa majuma mawili, kila akitoka dukani, alipitia ofisi ya mhasibu. Walikaa upande mmoja wa meza wakilinganisha. Ujumbe kutoka kwa mwenye lori la mchanga: *Tripu mbili zimeshuka mzee, shule.* Siku hiyo hiyo, malipo kwa namba yake. Ujumbe: *Kokoto nusu lori.* Malipo, kesho yake. Kila Ijumaa mchana ilikuja picha ya karatasi ya mahudhurio ya vibarua iliyopigwa na nyapara wa mradi, na chini yake: *Wiki hii watu kumi na wanne, wawili hawakumaliza.* Jumamosi asubuhi, kwenye taarifa ya benki, pesa taslimu zilitolewa, karibu kiasi kile kile. Mhasibu alikuwa akiweka alama ya penseli na kusema, "Huyu kashikamana na mwenzake," kana kwamba anafungisha ndoa. Pale ambapo pesa zilitoka na hakukuwa na ujumbe wowote, aligeuza ukurasa tu.

Duka la saruji lilikubali kutoa nakala za risiti na za hati za kupokelea mzigo kutoka kwenye mafaili yake. Zilikuja kwenye bahasha nene. Ilikuwa katika kuzilinganisha hizo ndipo mhasibu alipoacha penseli.

"Huyu nyapara yuko wapi siku hizi?"

Binti alikijua kisa hicho, kila mtu nyumbani alikijua. Nyapara alikuwa amefanya kazi na baba yake tangu yeye binti akiwa shule ya msingi. Alikuwa akija sikukuu na kuwabeba watoto mabegani. Karibu na mwisho wa mradi wa bweni, baba alilipia mifuko mia mbili ya saruji kwa ajili ya sakafu, akafika kwenye mradi akakuta mia na arobaini. Nyapara akasema ndiyo iliyofika. Baba akapiga simu dukani, karani akafungua kitabu cha risiti akasema, mia mbili. Hapo hapo, mbele ya vibarua, baba akamwambia Nyapara avue kofia ya kazi aende zake, na asimwone tena. Baba hakuwa mtu wa kelele. Jioni ile alirudi nyumbani, akakataa chakula, akasema, "Nimelea nyoka." Habari zikasambaa kwa mafundi wote. Hakuna aliyemwajiri tena mtu wa kuiba saruji.

"Baba alimfukuza," binti alisema. "Aliiba mifuko sitini."

Mhasibu alisukuma karatasi mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa hati ya kupokelea mzigo wa siku ile. Imeandikwa: imelipiwa 200, imepakiwa 140, imebaki 60. Sahihi ya Nyapara. Ya pili ilikuwa ya juma lililofuata, kwenye mradi mwingine wa baba, ghala la mfanyabiashara mmoja. Imelipiwa 100. Imeshushwa 160. Chini, ile sahihi aliyoijua tangu utotoni, kama mjusi anayekimbia: sahihi ya baba yake.

"Hakuhesabu," binti alisema kwa sauti ndogo. "Anaweka sahihi kwenye boneti ya gari bila hata kutazama."

"Angalia na simu. Tarehe ile ya kwanza."

Ulikuwapo ujumbe wa sauti kutoka kwa dereva wa duka, haujawahi kusikilizwa. Baba hakupenda ujumbe wa sauti, alisema ni kama kusemeshwa na mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Binti aliufungua. "Mzee, shikamoo. Lori limejaa, mifuko sitini imebaki, mkuu wa stoo anasema nitaunganisha na mzigo wako wa wiki ijayo. Nyapara nimemwambia. Samahani, mzee."

Chini, dukani, mashine ya kutikisa makopo ya rangi ilikuwa ikinguruma.

"Jambo baya zaidi," mhasibu alisema hatimaye, "ni kwamba tunamhitaji. Mwenye lori la mchanga amenikatalia. Anasema akisaini leo, kesho watamuuliza mauzo yake mwenyewe, na sikuweza kumdanganya kwamba hawatamuuliza. Vibarua wametawanyika. Aliyepokea mizigo yote, aliyewalipa watu mkononi kila Jumamosi, ni mmoja tu."

Nyapara alikuwa akiishi chumba kimoja nyuma ya gereji. Binti alimkuta ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akinoa visu vya watu kwa jiwe, kazi aliyokuwa akiifanya siku hizo. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa na mvi ambazo hakuzikumbuka.

"Shikamoo, Baba mdogo."

Alinyanyua kichwa. "Marahaba. Mzee amekufa?"

"Hapana. Anaumwa. Amepooza, hasemi."

"Nilisikia." Akaendelea kunoa.

Binti alikuwa amejiandaa njia nzima, na sasa maneno yote yakampotea. Alizitoa zile nakala mbili za karatasi kwenye mkoba, akamwekea kwenye goti. Kisha akamsikilizisha sauti ya dereva. Nyapara alisikiliza ameinamisha kichwa, kisu mkononi. Ilipokwisha alisema, "Rudia." Akarudia.

"Nilimwambia," Nyapara alisema. "Siku ile ile. Nilimwambia, mzee, mingine imebaki dukani. Akaniambia nisimfanye mtoto."

"Baba alikosea. Sisi sote tulikosea, tulimwamini bila kukuuliza. Nimekuja kukuomba radhi."

"Na nini kingine?"

Aliona hana budi. "Na ushahidi. Ofisi ya kodi imekataa gharama za bweni. Wewe ndiye uliyepokea mchanga na kulipa vibarua."

Nyapara alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kwa hiyo mkono mmoja umeshika radhi na mwingine umeshika kalamu. Wewe mwanangu nilikubeba mabegani, nitakwambia kweli. Mke wangu alirudi kwao kwa aibu, si kwa njaa. Njaa tulishaizoea. Watoto walimuuliza saruji imefichwa wapi. Radhi nimeisikia. Hilo la kalamu leo sitaki kulisikia. Nenda."

"Nitarudi lini?"

"Sijasema urudi."

Aliondoka. Njiani hakulia. Alilia alipofika nyumbani, akimweleza mama yake, ambaye alikuwa akimlisha baba uji kwa kijiko. Mama aliweka bakuli chini. Akamgeukia mumewe.

"Umesikia?" alimuuliza. "Hakuiba. Ulishusha wewe mwenyewe, kule ghalani. Ukaweka sahihi."

Mzee Timazi alifumba macho. Uso ule, ambao nusu yake haikuweza tena kuonyesha kitu, ulitikisika upande mmoja. Hakusema lile neno lake. Siku ile hakusema chochote, na uji hakuutaka tena.

Asubuhi yake binti alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Kwenye simu ya baba lilikuwapo kundi la mafundi na wakandarasi wa mji mzima, ambako walipeana kazi na kutukanana kwa utani. Aliandika huko, akisema yeye ni nani. Akaeleza kwamba mifuko sitini haikuibiwa, kwamba ilipelekwa ghalani na kupokelewa na Mzee Timazi mwenyewe, akaweka na picha za zile karatasi mbili. Akamalizia: *Nyapara alisema kweli tangu siku ya kwanza. Familia yetu inamwomba radhi mbele yenu kwa kuwa alivunjiwa heshima mbele yenu.* Kabla ya kutuma alimsomea baba. Baba akaunyanyua mkono wa kushoto, ulio mzima, akaushusha juu ya simu. Binti akatuma. Mmoja kundini akaandika, *Mungu atusamehe*, na mwingine akauliza namba ya Nyapara.

Siku zilizobaki zilikuwa chache. Mhasibu aliandaa pingamizi bila shahidi, uso wake ukizidi kuwa mzito. Ndipo Jumapili moja mchana Nyapara akapiga hodi. Alikuwa amevaa shati safi la mikono mirefu. Mama alimfungulia, akampisha.

"Nataka kumwona kwanza," Nyapara alisema.

Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma. Wale wawili walitazamana. Mzee Timazi alijaribu kuinuka, bega la kushoto likainuka, la kulia likagoma. "Haya," alisema. "Haya... haya." Machozi yalimtoka jicho moja, yakaingia sikioni. Na neno lile, ambalo kwa miezi lilikuwa limemaanisha maji na shuka na mlango, lilijaa kitu kingine, na kila aliyekuwapo alikielewa.

Nyapara aliketi ukingoni mwa kitanda. Hakumkumbatia wala hakumshika mkono. Alivuta leso akampangusa sikio. "Nimesikia, mzee," alisema. "Ila bado inauma. Sitakudanganya."

Alipotoka sebuleni alimwita binti. "Hiyo kalamu yako iko wapi?"

"Wakili yupo kesho asubuhi, Baba mdogo. Utaapa mbele yake."

"Nitaapa. Lakini sikiliza. Nikiapa naapa yote. Katikati ya mradi, vibarua saba hawakuwa kwenye bweni kwa wiki tatu. Walikuwa hapa." Akaelekeza kidole ukutani, kisha nyuma. "Ukuta wa ua, na kile chumba anamolala mzee. Mchanga tripu nne zilishuka hapa hapa. Mzee alilipa kutoka mfuko ule ule wa mradi. Kwenye picha za mahudhurio wamo, kwa sababu nilimwandikia watu wote pamoja. Hiyo nayo nitaisema."

Mama aligeuka. "Lo! Umekuja kutusaidia au kutuzika? Nani atajua usiposema?"

"Nitajua mimi, Mama. Nimeitwa mwizi karibu miaka miwili kwa neno ambalo si la kweli. Siwezi kusafishwa kwa ukweli halafu niende kuapa uongo."

"Tutapoteza nyumba!"

Binti alizitazama zile kuta. Aliukumbuka ule mwezi, vumbi, vibarua wakiomba maji dirishani, baba akifurahi kama mtoto kwa chumba kilichonyooka. Kweli ilikuwa hivyo. Na kusema kweli, alitamani isingekuwa. Kwa dakika nzima alitamani Nyapara angekuwa mtu wa namna nyingine.

"Tutazitoa kwenye madai," alisema. "Wiki tatu za watu saba, na tripu nne. Nitamwambia mhasibu."

Mhasibu, alipoambiwa, alishusha pumzi ndefu. "Afadhali," alisema. "Gharama inayokubalika ni ile ya biashara peke yake. Nyumba yenu si biashara. Tungeidai, wakaja kugundua, kila tulichojenga kingeporomoka nacho." Akachukua penseli akaanza kuchora mistari juu ya alama zake mwenyewe, akiachanisha zile ndoa alizozifungisha.

Wakili aliandika maelezo ya Nyapara kwa maneno ya Nyapara. Yalisema alichokiona kwa macho yake na alichokishika kwa mikono yake: malori aliyoyapokea, namna alivyowaita vibarua kila asubuhi, namna pesa za Jumamosi zilivyokuja ndani ya bahasha na yeye kuzigawa. Alipoulizwa jambo la siku za mwisho za mradi, baada ya kufukuzwa, alijibu, "Hapo sikuwapo, siwezi kusema." Wakili akaliandika na hilo. Nyapara akatia sahihi kila ukurasa, taratibu, kama mtu anayepanga vigae.

Pingamizi liliwasilishwa muda ukiwa haujaisha, pamoja na malipo ya ile sehemu ya kodi ambayo hawakuwa wakiipinga, ikiwamo ile ya ukuta na chumba cha nyuma. Kulipia sehemu hiyo kulimaliza akiba ya binti.

Waliitwa baadaye. Afisa wa mapingamizi alikuwa kijana mwenye mafua, aliyeomba radhi kila alipopiga chafya. Mezani alikuwa na faili lao: nakala za saruji, taarifa ya benki yenye namba pembeni, mazungumzo yote ya simu yamechapwa, cheti cha mhandisi wa shule kinachoonyesha vipimo vya kuta na sakafu, na kile kiapo. Alimuuliza Nyapara maswali mengi. Mchanga ulishushwa upande gani? Kibarua mmoja alilipwa kiasi gani kwa siku? Mbona wiki moja pesa zilizotoka benki zimezidi mahudhurio?

"Wiki ile mtoto wa kibarua mmoja alifariki," Nyapara alisema. "Mzee alitoa rambirambi humo humo."

Afisa akaandika. "Hiyo si gharama ya biashara."

"Sikusema ni ya biashara. Umeniuliza ilikwenda wapi."

Kijana alimtazama, kisha akarudi kwenye ukurasa ule wa kiapo unaotaja wiki tatu za nyumbani. Aliusoma kwa muda.

"Ulifukuzwa kazi na mlipakodi huyu," alisema. "Naona kwenye ujumbe. Kwa nini umekuja kumtetea?"

"Sikuja kumtetea. Nimekuja kusema kilichotokea. Mchanga ulifika. Watu walilipwa. Mimi sikuiba." Alisita. "Hilo la mwisho halikuhusu, bwana afisa. Ila na wewe liandike, kama nafasi ipo."

Hakuna aliyejua kama aliliandika.

Uamuzi ulikuja wakati familia ilikuwa imeshaanza kukata tamaa. Binti aliufungulia ofisini kwa mhasibu. Saruji ilikubaliwa yote. Mchanga na kokoto zilikubaliwa kila mahali ujumbe na malipo viliposhikamana, na mzigo ukawa hauzidi vipimo vya mhandisi. Ujira wa vibarua ulikubaliwa hadi siku Nyapara alipofukuzwa. Baada ya hapo hakukuwa na picha za mahudhurio wala shahidi, pesa za Jumamosi zilikuwa pesa tu, na zilikataliwa. Vile vile pesa zote zilizotoka bila neno lolote la kuzieleza.

"Mwezi na nusu wa mwisho," mhasibu alisema. "Watu walifanya kazi, baba yako alilipa, na hatuna cha kuonyesha. Angekuwapo Nyapara siku hizo, zingepita."

Binti alielewa. Kosa lile la mifuko sitini lilikuwa limeondoka na shahidi, na sasa lilikuwa na bei yake, imepigwa chapa na kugongwa muhuri. Deni lililobaki lilikuwa kubwa, lakini halikuwa la kumeza nyumba. Ofisi ilikubali lilipwe kwa awamu.

Alikwenda kumweleza Nyapara, akakuta chumba cha nyuma ya gereji kimefungwa. Fundi magari aliyekuwa chini ya gari alimjibu bila kutoka. Nyapara amepata kazi, mkandarasi mmoja alimpigia, wanajenga zahanati mbali huko. Mkewe? Bado yuko kwao. Lakini Nyapara alipitia huko kwanza kabla ya kwenda kazini, akiwa na karatasi mbili kwenye bahasha. Za nini, fundi hakujua.

Mama aliuza mashine ya kuchanganyia zege. Ilikuwa imekaa uani tangu baba augue, kuku wakitagia ndani yake. Siku mnunuzi alipokuja kuichukua, walimsogeza Mzee Timazi dirishani kwa kiti. Vijana wanne waliisukuma mpaka kwenye gari, wakaifunga kamba vibaya. Mzee aligonga kioo kwa mkono wa kushoto, akaonyesha fundo. Mama akatoka akawaambia, wakalifungua wakalifunga upya, naye akabaki akiangalia mpaka gari likakata kona.

Kisha mama aliingia ndani, akahesabu zile pesa mara moja tu, akampa binti yake.

"Nenda ukalipe awamu ya kwanza kabla benki haijafunga," alisema. "Na mkate umekwisha, pitia."